Ndege ya saa sita usiku, iweke siku ya kutoka nyumbani

Jamani, kama tiketi iko imeli moja, hoteli imeli nyingine na dereva kakutumia namba yake wiki iliyopita, fungua noti kwenye simu uandike tarehe kwanza, chini yake saa, ni nini, namba ya bukingi na simu ya mtu wa kupigia mambo yakikwama.

Sasa kinacholiza watu ni ndege za usiku. Mfano Dar kwenda Dubai, tiketi inasema tarehe 12, 00:40, hiyo ni usiku wa kuamkia tarehe 12, kwa hiyo kwenye plani inakaa tarehe 11: "saa 3:40 usiku niwe eapoti". Mimi niliwahi kwenda tarehe 12 usiku na begi langu, ndege ilishaondoka jana yake 😭

Saa ya kutua ni ya kule kule, Dubai wako mbele yetu saa moja, usiiongeze tena. Halafu unatua asubuhi wakati hoteli nyingi zinapokea wageni kuanzia saa 8 au 9 mchana, so soma imeli yao, ukitaka chumba ukifika tu bukingi ianze tarehe 11, na uwaambie utachelewa kufika wasije wakaifuta.