Swali la wagonjwa wanne kwa wakati mmoja: namna ya kulijibu kwenye intavyuu ya unesi Uingereza

Nimetoka kumfanyisha mazoezi nesi mwenzangu wa Kisumu, ana intavyuu ya bendi 5, ngazi ya kuanzia ya nesi aliyesajiliwa, kwenye hospitali moja ya NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, na tumekwama palepale ambapo wengi ninaowasaidia hukwama, lile swali la wagonjwa wanne wanaokuhitaji dakika ileile. Kazi anaijua vizuri. Shida ni kwamba anataja mpangilio tu, wa kwanza huyu, wa pili yule, halafu ananyamaza, na wanaohoji hawajui wale watatu kawaachaje. Hapo ndipo maksi zinapotea, kwa hiyo nimeona niiandike yote mahali pamoja.

Hatua ya 1: Meza

Neti, kamera, mwanga, hayo mnayajua. Mimi nasisitiza karatasi tupu na kalamu. Swali likisomwa, andika namba ya kitanda, tatizo na vipimo, na kama kimoja kimekupita omba warudie. Zile orodha za maswali na majibu zinazozunguka WhatsApp sizipendi kabisa, kwa sababu wakibadilisha kipimo kimoja tu jibu lote linageuka na wewe bado unakariri la zamani.

Hatua ya 2: Swali lenyewe

Tuchukue hili tulilofanyia mazoezi. Umeanza shifti, una wagonjwa 8 na msaidizi mmoja. Kitanda cha 2 ni mzee wa miaka 72 mwenye nimonia, yuko kwenye oksijeni ya puani lita 2, anapumua mara 28 kwa dakika, saturesheni, yaani oksijeni kwenye damu, ni asilimia 90, na leo ameanza kuchanganyikiwa wakati jana alikuwa anaongea vizuri. Kitanda cha 4 bibi anayetembea kwa fremu anashuka peke yake kwenda choo. Kitanda cha 5 alipasuliwa jana, maumivu ni 8 kati ya 10, anaomba sindano yake ya mofini. Kitanda cha 7 kijana amesimama kwa hasira, anataka kujua kwa nini mama yake hajaruhusiwa.

Hatua ya 3: Nani kwanza, na waliobaki unawaachaje

Hapa tulikaa jioni nzima.

Anza na mzee, na useme kwa nini kwa namba. Uingereza wanatumia NEWS2, chati ya pointi inayoonyesha mgonjwa amezidiwa kiasi gani, na kama hujaizoea jifunze kuihesabu kwa mkono kabla ya kitu kingine chochote. Kupumua 28 ni pointi 3, saturesheni 90 ni 3, kuwa kwenye oksijeni ni 2, kuchanganyikiwa kupya ni 3. Tayari ni 11 na hujapima presha, mapigo wala joto, na kuanzia 7 ni dharura. Wengi wanaitaja saturesheni na kuusahau ule mchanganyiko wa akili, wanadhani ni uzee, kumbe wenyewe peke yake una pointi 3.

Sasa mtego uko kitanda cha 4. Mzee ndiye mgonjwa zaidi lakini bibi ndiye anayeweza kuanguka sekunde hii, na ukimpita kimyakimya ukielekea kitanda cha 2 umeacha nyonga ivunjike mbele ya macho yako. Ukienda naye choo pia umekosea, maana hiyo ni dakika kumi za mzee. Sema hivi: palepale nilipo namwita bibi kwa jina, namwomba akae, namtuma msaidizi aende kwake sasa hivi na asimwache peke yake, mimi naenda kwa mzee. Halafu watakuambia msaidizi yuko mapumziko, hiyo huwa inakuja. Kama bibi yuko hatua mbili kutoka kwako mkalishe kwanza, ukifika kwa mzee bonyeza kengele ya dharura, na wa kwanza kufika mtume kwa bibi kama kwa mzee mko wa kutosha.

Kwa mzee fuata ABCDE, yaani njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu, kisha kumkagua mwili mzima, na uiseme kwa vitendo, siyo kutaja herufi. Njia ya hewa iko wazi? Anaongea? Namkalisha wima, naongeza oksijeni kufikia kiwango alichoandikiwa, napima vyote upya, naangalia kama ana mshipa wa dripu.

Kuhusu oksijeni sikilizeni vizuri. Kawaida lengo ni 94 hadi 98. Lakini akiwa na ugonjwa sugu wa mapafu na imethibitishwa anabakiza kabonidayoksaidi, lengo lake ni 88 hadi 92, kwa hiyo 90 yake iko sawa na hapo kwenye chati ya NEWS2 inatumika skeli ya pili ambayo saturesheni inampa 0. Jumla inashuka kutoka 11 hadi 8. Bado dharura! Ila ukimwongezea hewa bila kuangalia unaweza kumlaza usingizi mbaya. Na upande wa pili, usitumie skeli hiyo kwa sababu tu mzee alivuta sigara, lazima iwe imeandikwa kwenye faili na anayestahili kuamua. Ukisema sentensi moja tu, "naangalia lengo lake la oksijeni kwenye chati," umeshaonyesha unajua.

Kitanda cha 5 anasubiri, lakini hasubiri gizani. Mwambie nesi mwenzako amwone, na msaidizi akimaliza na bibi achukue vipimo vyake, kwa sababu maumivu yaliyopanda ghafla baada ya upasuaji yanaweza kuwa damu inavuja ndani. Mofini usimpe msaidizi akachome, hiyo inafungwa kabatini na hospitali nyingi zinataka manesi wawili waihakiki. Kitanda cha 7 ni sentensi moja ya heshima: nina dharura, nitarudi kwako mwenyewe, na kama nitachelewa nitamtuma mtu akwambie.

Hatua ya 4: Kuita daktari

Tumia SBAR: hali ilivyo, historia, ulichokiona, unachotaka. Watu husahau hilo la mwisho. Sema unataka aje amwone sasa, na umwambie unashuku sepsisi, maana NEWS2 ya 7 kwenda juu na maambukizi pamoja ni antibayotiki ndani ya saa moja. Akisema atafika baadaye, unapanda ngazi: daktari mkubwa wake, timu ya wagonjwa mahututi, nesi msimamizi, na mzee akizimia unapiga 2222, namba ya dharura ya ndani ya hospitali. Unaandika saa ya kila simu.

Hatua ya 5: Swali la dawa iliyokosewa

Hili huwa linafuata. Umegundua mwenzako amempa mgonjwa dawa ya jirani yake. Kwanza mgonjwa: vipimo, mzio, daktari aambiwe. Pili, mgonjwa mwenyewe aelezwe ukweli na aombwe radhi, kanuni za NMC, baraza linalosajili manesi Uingereza, zinadai hivyo kifungu cha 14. Mwisho fomu ya tukio, shifti hiyohiyo. Wakikuuliza utafanyaje mwenzako akikusihi usiandike, jibu kwamba utamwambia usoni unaandika, utamwomba mjaze pamoja, na akikataa utajaza ulichokiona wewe na kumjulisha msimamizi wa wodi.