Vidonge vya kalsiamu usimeze vyote usiku

Jamani mnaowanunulia wazazi kalsiamu, angalieni kwanza kopo limeandikwa kaboneti au sitreti. Mama alikuwa anameza mbili za kaboneti kwa mpigo akienda kulala, tumbo tupu, na juu yake anatumia omeprazoli ya vidonda. Sasa kaboneti inataka asidi ya tumbo ndo iyeyuke, na omeprazoli inaipunguza hiyo asidi, kwa hiyo nyingi ilikuwa inapita tu na kumfungia choo. Mfamasia akamhamishia sitreti, hiyo haitegemei asidi, ila kila kidonge kina kalsiamu kidogo so idadi inaongezeka.

Halafu mwili haufyonzi vizuri zaidi ya kama miligramu 500 kwa mara moja, gawa asubuhi na jioni, na umeze na chakula hata kama ni sitreti. Sababu ni mawe ya figo: ukila mchicha au karanga kuna oksaleti, kemikali ya asili ya mimea, kalsiamu ikiikuta tumboni zinashikana zinatoka na choo. Ukimeza bila chakula oksaleti inabaki huru inaenda kwenye mkojo, na kalsiamu nayo inaongezeka hukohuko, zikishikana huko ndo mawe yanatengenezeka. Aliyewahi kupata mawe aongee na daktari kwanza, ila maziwa na dagaa asiache.