Kompyuta imetoa log bila |x| wala +C: linganisha hivi na jibu lako la mkono

Wakuu habari za leo. Watu wengi wanaintegreti kwa mkono, wanahakiki na SymPy, wanaona majibu hayafanani basi wanafuta kazi ambayo ilikuwa sahihi kabisa. Usifute kwanza. Tuchukue 1/(x²−1). Kwa mkono unagawanya sehemu unapata ½ ln|(x−1)/(x+1)| + C. Sasa mashine:

```python
from sympy import *
x = symbols('x')
F = integrate(1/(x**2 - 1), x)
print(F)
# log(x - 1)/2 - log(x + 1)/2
```

Modulasi hamna, C hamna. C haipo kwa sababu SymPy inakupa integrali moja tu kati ya nyingi, kuongeza C ni kazi yako. Na hiyo log ni ln ileile, sio ya kizio 10.

Modulasi ndio yenye mambo. Usipoiambia chochote, SymPy inachukulia x inaweza kuwa namba changamano, na huko log ya namba hasi ipo: log(−3) = ln 3 + iπ. Hiyo iπ haina x ndani yake, yaani ni konstanti, ukidifrenshieti inapotea. Kwa hiyo upande wa hasi log(x) na ln|x| zinapishana kwa konstanti tu, na zote mbili derivativu yake ni 1/x. Halafu ln|x| inafaa kwenye namba halisi tu, kwenye namba changamano derivativu yake haipo, ndio maana mashine haiweki modulasi.

Hatua ya kwanza, tafuta pale fomula inapokatika. Hapa ni −1 na 1, kwa hiyo tuna vipande vitatu. Hatua ya pili, toa jibu lako kwenye jibu la mashine, halafu weka namba angalau mbili za kila kipande:

```python
G = log(Abs((x - 1)/(x + 1)))/2
for a in [-3, -2, 0, Rational(1, 2), 2, 3]:
    print(a, N((F - G).subs(x, a)))
```

Kwenye −3 na −2 tofauti ni sifuri, kwenye 2 na 3 pia sifuri (ikiandika kitu kama 0.e-125 hiyo nayo ni sifuri). Kwenye 0 na ½ inatoka 1.5707963…*I, ambayo ni iπ/2. Angalia vizuri hapo: namba mbili za kipande kimoja zimetoa tofauti ileile, basi hiyo ni konstanti na majibu yote mawili ni sahihi. Ingekuwa 0 imetoa kitu kimoja na ½ kingine, hapo kuna kosa la kweli, rudi kwenye mahesabu yako. Na konstanti kubadilika ukivuka kutoka kipande kimoja kwenda kingine sio shida, kila kipande kina C yake.

MASWALI

Nimeweka symbols('x', real=True) bado inanipa log(x), kwa nini?
Ni kweli, integrate haibadilishi jibu kwa ajili hiyo. Ukitaka modulasi iandikwe yenyewe tumia Maxima, washa `logabs:true` kabla ya kuintegreti. Kwenye SymPy andika Abs mwenyewe.

Mwalimu mimi 1/(2x) nimepata ½ ln|2x|, mashine log(x)/2. Ile 2 imeenda wapi?
ln|2x| = ln 2 + ln|x|, kwa hiyo ½ ln 2 imemezwa na C. Sin x cos x ni hivyohivyo, mmoja anapata sin²x/2 mwingine −cos(2x)/4, tofauti ni ¼ popote utakapojaribu.

Je nikiwa na mipaka, hiyo i itaniharibia jibu?
Mipaka ikiwa ndani ya kipande kimoja inajifuta. Kutoka −2 hadi −1 ya 1/x: iπ − (ln 2 + iπ) = −ln 2, sawa na mkono. Ila kutoka −1 hadi 1 usiweke namba tu, ukitumia ln|x| utapata 0, ukitumia log utapata −iπ, na zote mbili ni batili kwa sababu integrali yenyewe haipo, imevuka sifuri.

Nimepewa y(0)=3 kwenye hiyo ya x²−1, mashine inanipa C yenye i. Niandike hiyo kwenye mtihani?
Hapana dada. Kwa log za mashine C = 3 − iπ/2, inaifuta ile iπ/2 ya kipande cha kati na kinachobaki ni ½ ln((1−x)/(1+x)) + 3, kwa −1 < x < 1. Andika hiyo pamoja na intervali yake, kwa mkono C inatoka 3 moja kwa moja.