Bima ya gari: kulipa yote au kwa mafungu

Tuchukue gari dogo la mtu wa Changamwe. Bima kubwa, ada ya mwaka shilingi 60,000. Ajenti anamwambia benki itamlipia, naye airudishie kwa mafungu 9 ya 7,000, la kwanza leo.

Hatua ya 1: Jumlisha mafungu. 7,000 mara 9 ni 63,000, kwa hiyo umezidishiwa 3,000. Ajenti atasema ni asilimia 5 tu. Hiyo imepigwa juu ya 60,000 zote, na wewe 7,000 umeshatoa leo. Mkopo wako halisi ni 53,000, na unapungua kila mwezi. Ukipiga hesabu kwa deni linalobaki, riba ni kama asilimia 15 kwa mwaka. Kama pesa zimelala, lipa zote. Kama ukizitoa utakosa karo ya watoto, mimi naona 3,000 si mbaya.

Hatua ya 2: Jua unadaiwa na nani. Kampuni ya bima ikikupa mafungu yenyewe, kwa kawaida hutoa stika ya muda mfupi, mwezi hivi. Tarehe ikipita hujalipa, huna bima. Sheria ya Bima, Sura 487, kifungu cha 156, yataka ada ilipwe kwanza. Ukilipiwa na benki unapata stika ya mwaka, ila kwenye fomu umeipa benki ruhusa ya kuivunja bima ukikosa kulipa.

Hatua ya 3: Pima hasara ya kukosa. Umelipa mafungu 3, yaani 21,000, kisha ukakwama. Bima inavunjwa mwisho wa mwezi wa nne. Kampuni ikirudisha ada ya miezi 8 iliyobaki, 40,000, zinaenda benki. Deni lilikuwa 42,000. Basi huna bima na bado wadaiwa 2,000, faini mbali. Na picha ya stika iliyo kwenye simu yako bado inaonyesha tarehe ya mwakani! Ukipata ujumbe wa benki, mpigie ajenti siku hiyohiyo, uombe muda kabla barua ya kuvunja haijatoka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikigonga usiku nikalipa asubuhi?*
Kama bima ilikuwa imeshakatika, malipo hayo hayarudi nyuma. Yanaanzia unapopewa stika mpya.

*Gari likiibwa nimelipa mafungu 4 bila kukosa?*
Dai lako ni halali, dadangu. Ila 35,000 zilizobaki zitakatwa kwenye fidia.

*Na sisi wa tuktuk tunaolipa thadi pati kila mwezi?*
Hayo si mafungu. Kila mwezi ni bima yake, ukiruka hakuna anayekudai. Lakini tuktuk ilale uani, maana kuitoa barabarani bila bima ni kosa chini ya Sura 405, sheria ya bima ya thadi pati, hata ukiwa huna abiria.