Somo: Setirizini au Piritoni kwa Mwanafunzi Mwenye Mzio

Mwezi uliopita mama mmoja wa Mbagala alikuja kwenye duka langu la dawa na binti yake wa kidato cha pili, mwenye miaka 14. Binti alipiga chafya kumi na kitu kila asubuhi alipofagia chumba, macho yakamwasha, na mikono ikatoka vivimbe vya muwasho. Mama alimpa kidonge cha piritoni, yaani klorfenamini ya miligramu 4, kabla hajaondoka nyumbani, na kingine alikibeba cha kumeza saa sita. Chafya zilipungua, lakini mwalimu wa hesabu alilalamika kwamba binti analala darasani.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba tatizo ni mzio. Mafua ya mzio huleta chafya za mfululizo, kamasi jepesi kama maji, na muwasho wa pua na macho, bila homa. Huku kwetu pwani, kwenye unyevunyevu, chanzo huwa mara nyingi ni wadudu wasioonekana wa vumbi waishio kwenye magodoro na mito. Uvimbe wa midomo au ulimi, au kupumua kwa shida, si jambo la kuchagua kidonge: mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Hatua ya pili ni kulinganisha muda. Klorfenamini hutuliza kwa saa 4 hadi 6, kwa hiyo siku ya shule hudai kidonge zaidi ya kimoja. Setirizini ya miligramu 10 huanza kufanya kazi baada ya kama saa moja na hudumu takriban saa 24, hivyo kidonge kimoja kinatosha kwa siku.

Hatua ya tatu ndiyo wengi wanayoiruka: kuutazama usingizi. Klorfenamini huingia kwenye ubongo kwa urahisi, na hukaa mwilini muda mrefu kuliko nafuu yake inavyoonekana. Ndiyo maana anayeimeza usiku huweza kuamka na kichwa kizito, na mwanafunzi anaweza kujiona yuko macho ilhali umakini wake umepungua. Setirizini huingia kwenye ubongo kwa kiasi kidogo zaidi, lakini isichukuliwe kuwa haina usingizi kabisa. Wapo wachache wanaosinzia nayo pia.

Kwa binti yule nilishauri setirizini ya miligramu 10 saa mbili usiku, mara moja tu kwa siku, na aanze siku ya Ijumaa. Kama ingemlaza, ingemlaza Jumamosi nyumbani, si kwenye mtihani wa Jumatatu. Jumapili mama alinitumia ujumbe kwamba chafya zilikuwa zimepungua na mtoto amefua sare zake mwenyewe bila kusinzia. Pua ilibaki imeziba kidogo, jambo ambalo nilimtahadharisha mapema, kwa sababu vidonge hivi huzuia chafya, kamasi na muwasho vizuri kuliko vinavyozibua pua.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwanangu ana miaka 7. Je, nimpe nusu ya kidonge cha mkubwa?
Jibu: Dada, ni afadhali umpe dawa ya maji. Setirizini ya maji huwa na miligramu 5 katika mililita 5. Kwa umri wa miaka 6 hadi 11 dozi ni mililita 5 mara mbili kwa siku. Tumia kifuniko cha kupimia au bomba la sindano, kwa maana kijiko cha jikoni hudanganya. Soma maandishi ya chupa, kwani nguvu hutofautiana.

Swali: Setirizini ikishindwa usiku, naweza kuongeza piritoni juu yake?
Jibu: Usichanganye bila ushauri wa mtaalamu, kwa sababu zote mbili huzuia mzio kwa njia ileile, na kinachoongezeka zaidi ni usingizi. Kagua pia dawa ya mafua na kikohozi uliyo nayo, maana nyingi zina klorfenamini ndani yake na mtu hujikuta amemeza dozi mbili bila kujua. Pombe nayo huongeza kusinzia.

Swali: Baba yangu ana tezi dume, na shangazi ana tatizo la figo. Wanaweza kutumia zipi?
Jibu: Baba aepuke klorfenamini, kwani inaweza kumzuia mkojo. Setirizini hutoka mwilini kwa njia ya figo, kwa hiyo shangazi asianze bila daktari kumpunguzia dozi.

Swali: Nimemaliza wiki mbili na setirizini, muwasho wa usiku uko palepale, tena mdogo wangu naye ameanza.
Jibu: Ndugu, muwasho unaozidi usiku, ulio katikati ya vidole, na unaohamia kwa wengine nyumbani, una dalili za upele. Kidonge cha mzio hakiuui mdudu wake. Nendeni wote zahanati mkapate dawa ya kupaka.