Simu inaandika "Simu za dharura pekee": jinsi ya kuomba laini irudishwe hewani bila kuzungushwa

Kabla hujaenda kupanga foleni, elewa simu inasema nini. Maneno "Simu za dharura pekee", au "Emergency calls only" kama simu yako iko kwa Kiingereza, hayamaanishi kwamba hakuna mtandao. Simu ikikosa mnara kabisa huandika "Hakuna huduma". Ikiandika dharura pekee, mnara inausikia, ila hakuna mtandao uliokubali kuipokea kama mteja. Kilichobaki ni ruhusa ya kupiga namba kama 112, ambayo inaweza kupitia mnara wa kampuni yoyote iliyo karibu, hata ambayo si yako.

Salio halihusiki hapa. Ukiishiwa, au ukifungiwa kupiga kwa sababu ya deni, jina la mtandao hubaki juu ya kioo na simu za watu zinaweza kuendelea kuingia. Kwa hiyo mhudumu akianza na "umeweka vocha?", mjibu kwa upole kisha endelea na hoja yako.

Kinachotokea ni hivi. Ukiwasha simu, inasoma kwenye kadi ya laini namba ya siri kidogo iitwayo IMSI, ambayo kwa kawaida ina tarakimu 15. Siyo namba yako ya simu. Namba yako ya simu inakaa kwenye kompyuta za kampuni, imefungwa kwenye IMSI hiyo. Mtandao ukiulizwa "huyu ni wetu?" na usiione IMSI kwenye daftari lake, unakataa. Baadhi ya simu za Android huonyesha sababu ya kukataliwa, na hapo ndipo pa kutazama kwanza. "SIM not provisioned MM#2" maana yake kadi haijulikani kwenye daftari. "SIM not allowed MM#3" maana yake kadi imekataliwa, mara nyingi imeshindwa uhakiki. "Phone not allowed MM#6" inahusu simu yenyewe, yaani IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, imezuiwa, na hapo hata ubadilishe kadi kumi utapoteza muda wako tu.

Simu yako isipoonyesha hayo, fanya jaribio la kubadilishana. Weka kadi yako kwenye simu nyingine inayofanya kazi, halafu weka kadi ya mtu mwingine wa mtandao uleule kwenye simu yako. Kadi yako ikigoma kwingine pia, tatizo ni kadi au usajili. Kadi ya mwenzako ikigoma kwako, tatizo ni simu: imezuiwa, au imefungwa kwa mtandao mwingine. Piga *#06# uandike IMEI, utaihitaji. Na hakikisha kadi haisubiri PIN, kwa sababu kadi isiyofunguliwa nayo huleta maneno hayohayo ya dharura.

Tuseme basi ni kadi. Imechakaa, au haikutumika muda mrefu ikafutwa, au usajili wa kitambulisho haukukamilika. Unaenda na kitambulisho, unaomba laini ibadilishwe kwa namba ileile. Fomu unazijua. Hatua inayokula watu ni ile inayofuata, wakati mhudumu anapokupa kadi mpya na kusema "itawaka yenyewe ndani ya masaa 24".

Mimi niliambiwa hivyo. Kadi ya zamani, ambayo ilikuwa bado inashika kwa kusuasua, ilizima kabisa. Kadi mpya nayo ikabaki kwenye dharura pekee, kwenye simu yangu na kwenye simu nyingine. Dawati la kwanza likasema nisubiri, la pili likasema simu ni mbovu, la tatu likanirudisha la kwanza. Kila mmoja alitazama skrini yake, akaona "imekamilika", akafurahi.

Lakini ushahidi ulikuwa wazi. Kadi ya zamani kuzima ilionyesha kwamba namba imeshahamishwa. Kadi mpya kugoma kila mahali ilionyesha kwamba haikuhamishiwa kwenye kadi niliyoshika. Basi ilihamia wapi? Geuza kadi utazame mgongoni, au kile kipande kikubwa cha plastiki ilichotoka. Kuna namba ndefu inayoanza na 89, kwa kawaida tarakimu 19 au 20. Hiyo ndiyo ICCID, namba ya kadi yenyewe. Nikamwomba mhudumu anisomee ICCID iliyoandikwa kwenye namba yangu ndani ya mfumo, huku nikifuata kwa kidole. Tarakimu zilikwenda sawa mpaka karibu na mwisho, zikaachana. Waliingiza kadi ya jirani yake kwenye boksi. Namba yangu ilikuwa imelala salama kwenye kadi ambayo bado ilikuwa kwenye droo ya dawati lao.

Kwa hiyo usiondoke dawatini kabla ya kusomewa ICCID yote. Usikubali tarakimu nne za mwisho peke yake, wala "ipo sawa". Na usitupe kile kipande cha plastiki, maana kwenye baadhi ya kadi ndogo namba haisomeki, au imekatwa.

Kuna mtego mwingine unaowafanya watu wasubiri bure. Simu ikishakataliwa kwa sababu kama MM#2 au MM#3, simu nyingi huihesabu kadi kuwa batili na kuacha kuomba tena mpaka izimwe au kadi itolewe. Maana yake wao wanaweza kurekebisha saa nne asubuhi, na simu yako ikaendelea kuonyesha dharura hadi jioni kwa sababu haijauliza tena. Wakisema wamemaliza, zima simu kabisa, iwashe, uone. Kuwasha na kuzima hali ya ndegeni hakutoshi kwenye kila simu. Ikigoma baada ya kuwaka upya, waambie hapohapo, kabla foleni haijakufunika.

Kama ni MM#6, omba jambo tofauti kabisa. Usiombe kadi. Wape IMEI, waulize kama iko kwenye orodha ya simu zilizozuiwa na ni nani aliyeiweka humo. Simu iliyoripotiwa kuibiwa kwa kawaida hufunguliwa kwa maombi ya aliyeiripoti, kwa hiyo kama umeinunua mkononi, anayepaswa kutafutwa ni aliyekuuzia. Tazama pia kama IMEI ya *#06# inafanana na ile ya boksi. Zikitofautiana, dai lako ni kwa muuzaji, na boksi ndilo shahidi wako.

Laini ikishawaka, jaribu vitu vitatu ukiwa bado mbele ya mhudumu: piga, pigiwa, pokea ujumbe. Ujumbe ndio husahaulika, na ndio unaobeba namba za siri za benki. Baadhi ya benki husimamisha huduma za simu kwa muda zikiona kadi imebadilishwa, kwa hiyo kama una malipo ya siku hiyo, yafanye kabla hujaomba kadi mpya, ikiwa ya zamani bado inashika. Majina uliyohifadhi kwenye kadi ya zamani hayahami na namba. Hata kadi hiyo ikiwa imekataliwa na mtandao, simu bado inaweza kuyasoma, ndiyo maana usimruhusu mhudumu aikate kwa mkasi kabla hujayanakili.