Kebo ya Kwenda Bandani: Kwa Nini Mota Hunguruma Bila Kushika Kasi

Mfugaji anapowasha mashine ya kukata majani katika banda lililo mbali na nyumba, taa ya bandani ikafifia na mota ikanguruma bila kushika kasi, lawama ya kwanza huangukia mota. Kabla ya kuipeleka kwa fundi, kagua kebo inayoilisha.

Kila waya una ukinzani, na kadiri umeme unavyosafiri mbali ndivyo volti zinavyopungua njiani. Tuchukue banda lililo mita 90 kutoka swichi kuu, lenye mota ya nguvu za farasi 2 inayotumia takriban ampea 10 ikiwa kazini. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo njia yake ni mita 180, na hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 una ukinzani wa omu 7.4 kwa kilomita, yaani omu 1.33 kwa njia hiyo. Zidisha kwa ampea 10, utapata volti 13 zinazopotea: nyumbani ni 230, bandani ni 217.

Waya huo hauunguzwi na ampea 10, na breka haikatiki, ndiyo maana muuzaji huusifu kwa moyo mweupe. Shida iko kwenye kuwasha, kwa kuwa mota inayoanza huvuta umeme mara tano au zaidi ya kawaida. Wakati huo volti bandani huweza kushuka hadi karibu 178, na nguvu ya kuzungusha, ambayo hufuata mraba wa volti, hubaki kama asilimia 60. Mota ikishindwa kuanza, huendelea kuvuta umeme mwingi na koili zake huungua.

Ukiweka waya wa shaba wa 6, volti zinazopotea mota ikiwa kazini hupungua hadi 5.5, na wakati wa kuwasha mota hupata takriban 205. Alumini hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba, hivyo ukiichagua, chukua ya 10 badala ya shaba ya 6.

Usinunue kabla ya kupima. Mashine ikiwa inakata majani, fundi apime volti kwenye swichi kuu, kisha bandani. Pakiwa na tofauti kubwa, kosa liko kwenye kebo au kwenye kiungo kilicholegea, ambacho hujulikana kwa plastiki iliyogeuka rangi. Iwapo hata swichi kuu inaonyesha 195, kebo nene haitaongeza kitu; hilo ni la shirika la umeme. Kuweka breka kubwa zaidi pia si tiba, kwani kunaondoa kinga ya waya uleule mwembamba.

Hadi kebo mpya ipatikane, washa mashine ikiwa tupu, na mabingobingo yaingizwe baada ya mota kushika kasi kamili.